Dakika moja mbele ya wawekezaji: taa ya sola ya mama karanga iuzwe vipi?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 25, naishi Likoni. Tangu Oktoba natoa taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo kwa wanaouza chakula barabarani jioni. Wengi ni mama karanga, wale wanaokaanga samaki, wachache ni wauza viazi karai. Taa ikifika Likoni huwa imenigharimu shilingi 1,650, ushuru na usafiri ndani. Mteja hutoa kianzio 300, halafu 40 kwa siku kwa M-Pesa mara 75. Akilipa hupata namba kwa ujumbe wa simu, anaibonyeza, taa inawaka. Asipolipa inajifunga. Wakala nampa 200 kwa kila taa. Ada za M-Pesa, ujumbe na boda ni kama 150, na matengenezo 100.

Nimeleta awamu tatu za taa 40: Oktoba, Januari na Aprili. Kila awamu iliisha kwa wiki mbili, halafu nikakaa nikisubiri pesa zirudi. Katika awamu mbili za kwanza watu 68 wamemaliza kulipa, 12 waliacha wakiwa wamefika kama nusu. Taa 7 za hao nimezirudisha, 5 sijui ziliko. Wa Aprili bado wanalipa.

Mwisho wa Julai nitasimama mbele ya wawekezaji hapa Mombasa, na kila mmoja wetu amepewa dakika moja tu. Kwenye mazoezi nilianza hivi: "Barani Afrika mamilioni ya watu wanaishi gizani. Taa yetu ina betri ya lithiamu, paneli imara na mwanga wa viwango vitatu. Asilimia 90 ya wateja wetu wanalipa, na faida yetu ni mara mbili ya mtaji." Kengele ikalia kabla sijafika kwenye ombi langu la milioni moja na nusu za kununua taa 700. Jaji mmoja akaniuliza, "Kwani wewe unataka nini hasa?" Nikashikwa na kigugumizi.

Nipunguze nini, na nibakishe nini?

Binti wa Likoni

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Miaka mingi nilikuwa nikikopesha wafanyabiashara wadogo hapa Mombasa kabla sijaanza kuandika safu hii, kwa hiyo macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye hesabu. Nikaona biashara nzuri ambayo mwenyewe unaificha. Unayo habari ambayo wengi wanaosimama kwenye majukwaa hayo hawana: wateja themanini ambao safari yao ya malipo imefika mwisho, na unajua kila mmoja aliishia wapi. Dakika yako ni ya hiyo habari. Betri na paneli vitasubiri maswali.

Mwekezaji anayekusikiliza hanunui taa. Angetaka taa angeipata dukani Digo Road. Yeye anataka kujua kwamba shilingi ikitoka mkononi mwake, ikaenda kiwandani, ikapanda meli, ikashuka Kilindini, ikavuka feri na kuingia bandani kwa mama karanga, itarudi. Itarudi ngapi, na baada ya muda gani. Ukimjibu hilo kwa taa moja, amekuelewa. Kwa hiyo tuanze na taa moja, hotuba itakuja yenyewe.

Faida yako si mara mbili. Hiyo 1,650 ni bei ya taa ikiwa bado haijampata mtu wa kuilipia. Ongeza 200 za wakala, 150 za ada na boda, na 100 za matengenezo, utafika 2,100. Hiyo ndiyo gharama ya taa moja mpaka mwisho wake. Upande wa mapato nako, si kila taa inaleta 3,300. Wale 68 walileta 3,300 kila mmoja, jumla 224,400. Wale 12 waliofika nusu walitoa kianzio na kama nusu ya siku zao, yaani 1,800 kila mmoja, jumla 21,600. Ukijumlisha na kugawa kwa 80 unapata 3,075. Toa 2,100, inabaki 975 kwa kila taa, na hapo hujajilipa mshahara wala kodi ya chumba.

Shilingi 975 ni nzuri, usiione ndogo. Na ina nguvu kuliko ile "mara mbili" kwa sababu ndani yake wamo hata walioacha. Mwekezaji akijaribu kuichimba, atakuta umeshaichimba kabla yake. Tena hukuhesabu chochote kwa zile taa 7 zilizorudi. Ukizisafisha na kuzitoa upya kwa bei nafuu, kinachoingia kinapanda juu ya hapo. Hilo liweke akiba kwa ajili ya maswali.

Sasa hiyo asilimia 90. Najua ulivyoipata: taa 120, walioacha 12, basi 108 wanalipa. Lakini arobaini kati ya hao 108 ni wa Aprili, na hujui bado watafikaje. Umewahesabu washindi na mbio hawajazimaliza. Ubaya wa hesabu ya namna hii ni kwamba inapendeza zaidi kila unapotoa taa mpya. Leo ukitoa taa 300 kwa mkupuo, kesho utakuwa na taa 420 na walioacha ni wale wale 12. Utasimama useme asilimia 97 wanalipa, na hakuna hata mteja mmoja aliyebadilisha tabia. Biashara nyingi za kutoa vitu kwa mkopo zimeanguka zikiwa na takwimu nzuri za aina hiyo: ukuaji unafunika madeni mabaya mpaka siku taa mpya zinapokoma kutoka.

Hesabu ya kweli ni ya wale ambao muda wao umekwisha tu: 68 kati ya 80, asilimia 85. Sema hiyo. Najua 85 inasikika ndogo kuliko 90, lakini aliyezoea mikopo akisikia "katika themanini ambazo muda wake umekwisha" atainua kichwa, maana watu wachache humtenganishia hivyo. Kisha mtaje mwenyewe waliobaki kumi na mbili. Wasipotajwa na wewe watatafutwa na yeye.

Tuje kwenye muda, na hapa ndipo nataka ukae sana. Siku unapotoa taa, mfukoni mwako zimetoka 1,650 za taa na 200 za wakala, na zimeingia 300 za kianzio. Uko nje 1,550. Kwa shilingi 40, hiyo ni malipo 39. Lakini malipo 39 si siku 39. Mama karanga halipi kila siku iendayo kwa Mungu: kuna siku ya mvua, siku ya msiba, siku samaki hakupatikana. Hukuniambia wateja wako hulipa siku ngapi kwa wiki, na hilo unaweza kulitoa kwenye taarifa ya M-Pesa jioni moja tu. Kwa niliowajua mimi, siku tano kwa wiki ni mteja mzuri. Kwa mwendo huo malipo 39 huchukua siku 55, yaani wiki nane, na malipo yote 75 huchukua wiki 15. Malipo ya awamu yako ya Oktoba yaliisha karibu na mwisho wa Januari na ya Januari yakaisha kuelekea Mei, kwa hiyo nadhani mwendo wako si mbali na huo.

Lakini tazama tena miezi hiyo, mwanangu. Oktoba hadi Aprili. Awamu zote mbili ulizo na uhakika nazo zililipwa kaskazi, bahari ikiwa shwari, ngalawa na mashua zinatoka, samaki wapo. Kusi kikishika, Juni mpaka Agosti, wavuvi wengi wadogo hawapiti mwamba. Samaki wanapungua, bei inapanda, na mama karanga aliyekuwa na beseni mbili anakaanga nusu beseni. Kabla ya hapo kuna masika, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa: paneli inakaa juu ya banda mchana kutwa haijaona jua la kutosha, na taa inazimika kabla biashara haijaisha. Mtu ambaye taa imemzimikia saa mbili usiku haoni sababu ya kulipia kesho yake. Kwa hiyo kipato na mwanga vinashuka katika msimu mmoja.

Tuseme wakati wa kusi analipa siku tatu kwa wiki badala ya tano. Malipo 39 sasa yanachukua siku 91, wiki 13. Taa ni ile ile, mteja ni yule yule, na wala hakukukimbia. Ila pesa yako imechelewa wiki tano, na kama mwenye mkopo anataka rejesho lake kila mwisho wa mwezi, hizo wiki tano ndizo zitakazokuua.

Bahati yako ni kwamba taa za Aprili ziko sokoni sasa hivi, na zitakuwa zinamaliza wiki zake 15 karibu na siku unayosimama. Zifuatilie kuliko chochote. Kila Jumapili fungua daftari, weka mistari miwili: mama karanga upande mmoja, wauza viazi upande wa pili. Andika waliolipa mara ngapi wiki hiyo. Viazi havitegemei bahari, na ikiwa wauza viazi wameendelea kulipa siku tano wakati mama karanga wameshuka hadi tatu, umegundua jambo kubwa: awamu inayotoka kabla ya kusi uwape wauza viazi, mahamri na mishkaki kwanza, na mama karanga uwaongeze kaskazi inaporudi. Pia unaweza kumruhusu mama karanga alipe 20 kwa siku katika miezi hiyo na taa iwake, muda urefuke, kuliko kumfungia kabisa akaizoea koroboi tena. Mwekezaji wa Mombasa anakijua kusi. Akisikia msichana anazungumza juu ya kusi ndani ya hesabu za madeni, atajua anaongea na mtu aliyekaa sokoni.

Kuhusu ombi la milioni moja na nusu, nakushauri ulipunguze. Kwa mawakala ulio nao, taa 40 huisha kwa wiki mbili, yaani 20 kwa wiki. Taa 700 zingekaa sandukuni wiki 35 ndipo ziishe. Huo ni mtaji uliolala, betri zinazeeka kwenye sanduku, na riba inahesabiwa. Taa 300 ni wiki 15 kwa mawakala wa sasa, na ukiongeza mawakala mara mbili ni kama wiki nane. Hilo unaweza kulitetea. Taa 300 mara 2,100 ni 630,000. Ongeza 20,000 za dharura, maana kiwanda unakilipa kwa dola na mama karanga anakulipa kwa shilingi, na bei ya dola inaweza kubadilika kati ya siku ya kuagiza na siku ya kutoa mzigo bandarini. Omba laki sita na nusu.

Taa 300 zikikuachia 975 kila moja, mzunguko mmoja ni 292,500. Mizunguko miwili ni 585,000. Kwa kuwa kuagiza, kusafirisha na kutoa mzigo bandarini kunaweza kula miezi miwili, halafu kuna wiki nane za kusambaza na wiki 15 za kukusanya, mizunguko miwili inaingia ndani ya mwaka kwa kubanana sana, na tena uagize ya pili kabla ya ya kwanza kumalizika. Basi usiombe miezi 12. Omba miezi 18, kusi kipate nafasi yake.

Na omba mkopo, usiuze hisa. Taa ni bidhaa inayoingia na kutoka: pesa inanunua, inarudi, unalipa, mmemalizana. Hisa ni sehemu ya kampuni yako milele. Ukiuza robo ya kampuni ili ununue taa 300, taa zitakuwa zimelipwa zote kabla ya mwaka wa pili, na yule mwenye robo bado anakula. Hisa ziache kwa siku utakayotaka kujenga kitu kisichorudisha pesa haraka, kama mfumo wako mwenyewe wa namba za kufungulia taa.

Sasa hotuba. Nimeiandika tarakimu kwa maneno makusudi, kwa sababu ukitazama "3,075" kwenye karatasi unadhani ni kitu kimoja, kumbe mdomoni ni maneno sita. Hapo ndipo dakika nyingi hupotea.

"Mama karanga wa Likoni hununua mafuta ya taa kila jioni, ya shilingi hamsini, ili mteja amwone samaki anayemnunua. Sisi tunampa taa hii kwa kianzio cha shilingi mia tatu, kisha arobaini kwa siku kwa M-Pesa. Asipolipa, inajifunga. Akimaliza, ni yake.

Tumetoa taa mia moja na ishirini. Themanini muda wake umekwisha: sitini na nane zimelipwa zote, kumi na mbili ziliachwa njiani.

Taa moja inatugharimu elfu mbili na mia moja. Inatuingizia elfu tatu na sabini na tano, walioacha wakiwemo. Tunachotoa mfukoni siku ya kwanza hurudi kwa wiki nane bahari ikiwa shwari, wiki kumi na tatu wakati wa kusi.

Kila awamu iliisha kwa wiki mbili, tukabaki bila taa.

Tunaomba mkopo wa laki sita na nusu kwa miezi kumi na minane, tulete taa mia tatu. Hii niliyoshika imefanya kazi Likoni tangu Oktoba."

Ni maneno yasiyofika mia na arobaini. Ukiyasema kwa utulivu yanaingia kwenye dakika, ila jipime kwa saa ya simu ukiwa umesimama na taa mkononi, maana mtu akikaa kitini husoma haraka kuliko anavyosema akisimama. Yakikuzidi, ondoa sentensi ya "tukabaki bila taa" kabla ya kugusa nyingine yoyote. Ombi lianze kabla ya sekunde ya hamsini. Jina lako hulioni humo kwa sababu mwenye kipindi atakuwa ameshalitaja, na limeandikwa kwenye ratiba.

Mambo mawili ndani ya hotuba hiyo ni ya kwako kuyahakikisha. Shilingi hamsini za mafuta ya taa nimeziweka mimi kama mfano. Waulize wateja kumi uweke jibu lao, kwa sababu sentensi yote inasimama juu ya tofauti kati ya anachotumia sasa na zile arobaini. Ikiwa wengi wanatumia thelathini tu, basi hawakununua taa yako kwa kuokoa pesa. Walinunua mwanga mzuri, au kuepuka moshi na hatari ya koroboi karibu na mafuta ya karai, na sentensi ya kwanza inabidi ibadilike. Pili ni zile wiki kumi na tatu za kusi. Hayo ni makadirio yangu. Mwisho wa Julai utakuwa na jibu la taa za Aprili, liweke hilo hata kama ni baya kuliko langu.

Taa ya kwenda nayo jukwaani isiwe mpya ya kwenye sanduku. Chukua moja ya Oktoba, mwombe mwenyewe akuazime kwa siku moja, umwachie mpya. Itakuwa na mafuta ya samaki kwenye mpini, na paneli yake itakuwa na ule utando mweupe wa chumvi pembeni. Iwashe kabla hujafungua mdomo, uishike usawa wa kifua, usiipitishe kwa watu maana watainamia taa waache kukusikiliza. Kabla ya siku hiyo fungua kifuniko cha tundu la kuchajia, uangalie. Hewa ya bahari huanza kula shaba ya hapo, na dalili yake ni rangi ya kijani. Ukiona kijani, mteja huyo tayari analazimika kuukandamiza waya ndipo taa ichaji, na hizo shilingi 100 za matengenezo hazitatosha awamu zijazo. Ni bora ulijue wewe kwanza.

Baada ya dakika kutakuwa na maswali, na pesa hutolewa huko zaidi kuliko kwenye hotuba. Usimwambie mtu kwamba wewe ni wa kwanza. M-KOPA ilianza kuuza sola Kenya kwa malipo ya kila siku ya M-Pesa mwaka 2012, na taa za Sun King na d.light ziko madukani. Wanaokaa kwenye viti hivyo wanazijua vizuri. Ukiulizwa mkubwa mmoja akija Likoni utafanya nini, jibu ni mteja wako. Taa zao nyingi huuziwa watu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani huilipia kutoka kwenye pesa ya kula. Mama karanga huilipia kutoka kwenye mauzo ya jioni ile ile ambayo taa imemsaidia kuyapata. Hiyo ni sababu ya kueleweka kwa nini analipa.

Kuna mshindani mwingine wa hatari zaidi, na sikumwona kwenye barua yako. Ni balbu ya duka la jirani. Likoni na Kongowea wapo wauzaji wengi wanaovuta waya kutoka kwa mwenye duka na kumlipa kidogo kwa usiku. Kama hapo anapouzia balbu hiyo ni shilingi 20, basi taa yako ya 40 ni ghali. Nenda ukahesabu, kwenye barabara unayotaka kuingia, ni mabanda mangapi yana waya na mangapi hayana. Taa zako ni za yale yasiyo nao, na za wale wanaohamahama. Na umeme ukikatika barabara nzima, angalia nani anaendelea kuuza.

Wataulizia zile taa tano zilizopotea. Usiseme "changamoto za hapa na pale." Mtafute kila mmoja wa wale watano kupitia wakala aliyemsajili, uandike mstari mmoja: alihama, paneli iliibwa juu ya paa, alikufa, aligombana na wakala. Kama watatu kati ya watano waliingizwa na wakala mmoja, tatizo lako ni wakala, na dawa yake ni kumlipa 100 siku ya kutoa taa na 100 nyingine mteja akifikisha malipo 39. Gharama ni ile ile, lakini sasa wakala naye ana sababu ya kumchagua mtu vizuri. Kwangu mimi ningefanya hivyo hata kama si kosa la wakala.

Na wataulizia ubora. Uliza kiwanda chako kama taa hiyo ina cheti cha VeraSol, ambao ndio walioshika kazi ya kupima taa za sola iliyoanzishwa na Lighting Global ya Benki ya Dunia. Cheti huonyesha saa ngapi taa inawaka katika kila kiwango cha mwanga, na taa ndogo za aina hii hutakiwa ziwe na dhamana isiyopungua mwaka mmoja. Maandishi makubwa kwenye sanduku mara nyingi ni saa za mwanga hafifu. Mama karanga anawasha mwanga mkali kuanzia Magharibi hadi saa nne za usiku, kwa hiyo wewe zungumzia saa za mwanga mkali tu. Kama cheti hakipo, sema hakipo, useme na taa ngapi kati ya 80 zilirudi kwa kuharibika.

Huenda mmoja wao akakwambia, "Mkopo sitoi, lakini nipe asilimia 30 ya kampuni nikupe hizo laki sita na nusu leo." Usijibu papo hapo jukwaani. Mwambie unashukuru, na kwamba pesa ya kununua taa inarudi ndani ya miezi, kwa hiyo unatafuta wa kukopesha. Kisha mwulize kama angekubali kulipwa kwa kila taa, tuseme kiasi fulani kinachotoka kwenye kila malipo ya mteja mpaka afikishe alichotoa na faida mliyokubaliana. Pesa ikichelewa kwa sababu ya kusi, naye inamchelewea kwa kiwango hicho hicho, na wewe hudaiwi rejesho la mwezi ambalo bahari haijakupa. Wapo wawekezaji wanaoipenda namna hiyo, hasa wenye biashara zao wenyewe hapa Pwani. Akikubali, mwombe aiandike, umpelekee wakili aisome kabla hujaweka sahihi.